Rafiki Akisema Hapana: Kuzika Tumaini Bila Kuzika Urafiki

Utangulizi

Kukataliwa na mtu ambaye hamkuzoeana kunauma, lakini maumivu hayo yana pa kutokea. Humwoni tena mara kwa mara, na jioni unamsimulia rafiki yako wa karibu mpaka mnacheka wote wawili. Hali ni tofauti pale aliyekukataa anapokuwa ndiye rafiki huyo wa karibu. Uliyetaka kumkimbilia ndiye chanzo cha machozi yako, na kesho mtakutana darasani, kazini au kwenye mazoezi ya kwaya.

Katika makala hii tutaangalia hali hiyo moja tu: mtu amemweleza rafiki yake wa karibu kwamba anampenda kwa mapendo ya kutaka wawe wachumba, na rafiki amesema hana hisia hizo. Hatutajadili kama alipaswa kusema au la, kwani amekwisha sema. Swali letu ni hili: afanye nini sasa, na kwa mpangilio gani? Hoja yetu ni kwamba kinachopaswa kuzikwa ni tumaini, wala si lazima kiwe urafiki. Wengi hufanya kinyume. Hung'ang'ania tumaini, na kwa kufanya hivyo huua urafiki.

1. Kulisikia jibu kama lilivyo

Kazi ya kwanza ni kusikia. Jambo hili si rahisi, kwa sababu katika mazingira yetu rafiki mwema hatamki neno “hapana” likiwa tupu. Atasema, “Mimi nakuona kama kaka yangu.” Atasema, “Kwa sasa nawaza masomo tu.” Atasema, “Nipe muda,” au “Tusije tukaharibu tulichonacho.” Maneno haya ni ya heshima, na aliyeyasema alikuwa anajaribu kutokuumiza. Lakini mwenye kupenda huyapokea kama mlango ulioachwa wazi kidogo. Akisikia “kwa sasa”, anaanza kuhesabu miezi hadi masomo yaishe. Akisikia “nipe muda”, anaanza kusubiri.

Kanuni tunayopendekeza ni nyepesi: jibu ambalo si ndiyo, lichukue kuwa ni hapana. Kama kweli rafiki yako anahitaji kutafakari na baadaye akabadili mawazo, anakufahamu, ana namba yako, na ana mdomo wa kukuambia. Kazi ya kulifungua tena jambo hili imehamia kwake. Wewe umekwisha fanya sehemu yako.

Hapa kuna mazoea moja ya hatari ambayo vijana wa kiume hufundishana, kwamba hapana ya msichana ni aibu tu na ukikazana itageuka kuwa ndiyo. Hata kwa mtu mgeni mazoea hayo ni mabaya. Kwa rafiki wa karibu hayana hata mantiki. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka mmeambizana ukweli juu ya familia, ada na mitihani. Ukimwamini katika hayo yote, halafu ukakataa kumwamini katika neno moja linalomhusu yeye mwenyewe, umemwambia kwamba urafiki wenu haukuwa na uzito uliodhani.

Kishawishi cha pili ni kuuliza “kwa nini?”. Tunaelewa kiu ya swali hilo. Lakini angalia linakopeleka. Akisema ni kwa sababu huna kazi, utasema nitatafuta. Akisema ni tabia fulani, utasema nitaacha. Kila sababu inageuka kuwa kitu cha kurekebishwa, na tumaini linapata chakula kipya. Ukweli ni kwamba mara nyingi hakuna sababu ya kueleza. Mtu anaweza kukuthamini kwa dhati na bado moyo wake usivutwe kwako kwa namna hiyo. Huo si upungufu wako unaoweza kuutengeneza, wala si kosa lake.

2. Kwa nini tumaini huuma kuliko jibu

Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Dorothy Tennov, alichapisha kitabu kuhusu hali ya kuzama katika kumwaza mtu mmoja. Aliwahoji watu wengi waliopitia hali hiyo, na akaona kwamba inalishwa na vitu viwili vikiwa pamoja: tumaini na kutokuwa na uhakika. Mtu anayejua kwa hakika kwamba anapendwa hutulia. Anayejua kwa hakika kwamba hapendwi naye hutulia baada ya muda. Asiyetulia ni yule anayepata dalili kidogo leo, kesho hapati, keshokutwa anapata tena. Kwa maelezo ya Tennov, hali hiyo hukoma kwa njia tatu: kupendwa kwa kurudishiwa, kuhamia kwa mtu mwingine, au kufa njaa kwa kukosa kabisa kitu cha kulishia tumaini.

Sasa tazama ugumu wa rafiki wa karibu. Urafiki wenyewe umejaa vitu vizuri: salamu za asubuhi, utani, kuulizwa umekula nini. Kabla ya kujieleza, hivyo vilikuwa urafiki tu. Baada ya kujieleza, kila kimoja kinasomwa upya kama dalili. Rafiki hajabadilika hata kidogo, na wala hakupi matumaini kwa makusudi, lakini wewe unakula tumaini kutoka katika wema wake wa kawaida. Ndiyo maana kuendelea “kama kawaida” tangu siku ya pili, ingawa kunaonekana ni ukomavu, mara nyingi hurefusha mateso.

Nayo maumivu si ya kuigiza. Mwaka 2011 Ethan Kross na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha watu 40 walioachwa na wapenzi wao bila kutaka wenyewe, katika miezi sita iliyotangulia. Walipotazama picha za wapenzi hao wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, baadhi ya sehemu zilizofanya kazi ni zile zile zilizofanya kazi walipowekewa joto la kuumiza mkononi. Hao walikuwa wameachwa na wapenzi, si kukataliwa na marafiki, hivyo tusiuvute utafiti kupita mipaka yake. Hata hivyo unatosha kutukumbusha kwamba anayesema “kifua kinauma” hapaswi kuchekwa.

3. Mfano: wanakwaya wawili

Tuchukue mfano, ambao tumeutunga ili kueleza somo. Kijana wa miaka 23 anaimba besi katika kwaya ya parokia. Rafiki yake anaimba soprano. Wamefahamiana kwa miaka minne. Mazoezi ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Baada ya mazoezi hupanda daladala moja, na kila usiku kati ya saa tatu na saa tano huandikiana WhatsApp. Jumamosi moja kijana anamweleza hisia zake. Binti ananyamaza kidogo, kisha anasema, “Jamani, mimi nimekuzoea kama kaka yangu. Naomba tubaki hivi hivi.”

Wiki ya kwanza kijana anafanya mambo matatu. Usiku wa saa nne anatuma ujumbe mrefu akiuliza amekosea wapi. Siku ya tatu anamwomba mwimbaji mwenzake akamsemee. Na kila baada ya nusu saa anafungua stetasi ya binti kuona ameweka nini. Matokeo ni haya. Binti, kwa kuwa anamhurumia, anajibu ujumbe kwa upole kuliko kawaida, na kijana anausoma upole huo mara kumi akitafuta maana. Msemaji aliyetumwa anawaeleza wengine wawili, na sasa soprano nzima inajua. Stetasi yenye wimbo wa mapenzi, ambayo binti aliiweka bila kumwaza mtu yeyote, inamkosesha kijana usingizi. Kwa siku saba tumaini limekula vizuri.

Wiki ya pili anabadili mwendo. Anatuma ujumbe mmoja mfupi: “Asante kwa kunijibu kwa ukweli. Nimekuelewa, na sitalirudia tena jambo hili. Nahitaji muda nitulie, kwa hiyo kwa wiki kadhaa nitakuwa kimya huku kwenye simu. Sijakukasirikia. Mazoezini tutasalimiana kama kawaida.”

Tuutazame ujumbe huo kwa makini, kwa sababu una sehemu nne na kila moja ina kazi yake. Unaonyesha kwamba jibu limesikika. Unamwondolea binti hofu ya kuulizwa tena. Unaeleza sababu ya ukimya, ili asidhani ni adhabu. Na unataja mipaka: simu hapana, mazoezini ndiyo. Hauna lawama, hauna “nitakusubiri”, hauna ahadi kwamba kila kitu kitarudi kama zamani. Maneno “nitakusubiri” yangeharibu mengine yote, maana yangemfanya binti awe na deni ambalo hakulikopa.

Kisha anapanga umbali unaowezekana. Hawezi kuacha kwaya, na hana sababu ya kuacha. Lakini anaweza kukaa katikati ya mstari wa besi badala ya ukingoni karibu na soprano. Anaweza kuondoka na wenzake wa besi na kupanda gari linalofuata. Katika simu ananyamazisha stetasi za binti, hamfungii. Tofauti ni kubwa: kunyamazisha ni kujilinda wewe, na yeye hajui wala haumii, kumfungia ni ujumbe, na mara nyingi ni ujumbe wa hasira. Mazungumzo ya zamani anayahifadhi mahali pasipo mbele ya macho, ili asiyasome usiku wala asiyafute akaja kujuta.

Linabaki pengo la saa tatu hadi saa tano usiku. Hapa wengi huanguka. Huzuni ya namna hii haisambai sawasawa katika siku nzima. Inarudi katika saa zile zile ambazo zilikuwa za watu wawili. Kijana asipoziwekea kitu, ataishia kushika simu. Kwa hiyo anazipangia: siku mbili anakwenda kumsaidia mdogo wake hesabu, siku moja anampigia binamu yake aliye mkoa mwingine, na siku nyingine anaiacha simu ikichajiwa sebuleni na kulala mapema.

4. Dawa tano za Mtakatifu Thomas wa Akwino

Katika karne ya 13, Thomas wa Akwino aliandika juu ya huzuni ndani ya Summa ya Teolojia, na akauliza ni nini kinachoipunguza. Alitaja mambo matano: kitu chochote cha kufurahisha, machozi, huruma ya marafiki, kutafakari ukweli, na mwisho usingizi pamoja na kuoga. Msomaji anaweza kushangaa kwamba mwanateolojia mkubwa hivyo anataja kuoga. Lakini hoja yake ni kwamba kinachorudisha mwili katika hali yake nzuri huipunguza huzuni pia. Kijana aliyelala saa nne na kula ugali wake mezani ataliona jambo lile lile kwa ukubwa tofauti na aliyekesha.

Kuhusu machozi, Akwino anasema kinachoumiza huumiza zaidi kikifungiwa ndani, kwa sababu nafsi yote inakielekea. Kikipata njia ya kutoka, ule mkazo unatawanyika. Tunalisema hili hasa kwa wavulana, ambao hufundishwa kwamba mwanaume halii. Kulia chumbani si udhaifu.

Dawa ya tatu ndiyo yenye mtego. Rafiki, anasema Akwino, hutupunguzia huzuni kama mtu anayetusaidia kubeba mzigo, na pia kwa sababu tukiona anahuzunika pamoja nasi tunajua kwamba tunapendwa. Lakini mtu aliyezoea kubeba mizigo yako ndiye aliyekukataa. Usimwombe akufariji kwa kidonda hiki. Ukifanya hivyo unamweka katika hali isiyowezekana: kila neno la faraja analolitoa ni chakula cha tumaini, na kila neno analolizuia linaonekana ni ukatili. Tafuta mtu mwingine mmoja, anayejua kutunza siri na asiye ndani ya kundi lenu. Katika mfano wetu ni binamu wa mkoa mwingine. Kwa mwingine anaweza kuwa dada mkubwa, shangazi au mlezi. Mtu mmoja anatosha. Ukiwaeleza sita, haujapunguza mzigo, umetengeneza habari.

Na kutafakari ukweli? Hapa ukweli wa kutafakari ni mdogo na mgumu: alichokupa kwa miaka minne kilikuwa cha kweli, na hakikuwa ahadi ya kitu kingine. Ukiushika huo, utajikinga dhidi ya makosa mawili, yaani kusema “alikuwa ananidanganya muda wote” na kusema “ndani yake ananipenda ila hajui”.

5. Aliyekataa naye ana mzigo

Mwaka 1993 Roy Baumeister, Sara Wotman na Arlene Stillwell walichapisha utafiti wa simulizi za pande zote mbili: waliopenda bila kupendwa, na waliopendwa bila kupenda. Waliopenda mara nyingi waliamini kwamba walipewa dalili za kutia moyo. Waliokataa walijiona hawakutoa dalili kama hizo, lakini wengi walikuwa na hatia moyoni kwa kumuumiza mtu. Zaidi ya hayo, hawakujua wafanye nini. Anayependa anajua la kufanya, kwa sababu nyimbo na filamu zimejaa watu wanaoandika barua na kusubiri. Anayekataa hana wimbo unaomfundisha.

Hili lina matumizi mawili. Kwanza, rafiki yako akikukwepa macho wiki ya kwanza, au akiongea nawe kwa wema uliozidi, usitafute maana iliyofichika. Kwa kawaida ni mtu asiyejua aweke wapi mikono yake. Pili, wewe ndiye unayeweza kumrahisishia, kwa salamu fupi na ya kawaida mbele ya watu.

6. Kurudi, na namna ya kujua kama wakati umefika

Umbali si wa milele. Mwezi mmoja hadi miwili ni kipimo cha kuanzia, lakini kalenda peke yake haitoshi. Tunapendekeza vipimo vitatu. Cha kwanza: je, unaweza kusikia kwamba ameposwa, ukaumia kidogo, na bado ukamtakia heri? Cha pili: je, zimepita siku kadhaa bila kufungua simu kwa ajili yake? Cha tatu ndicho kigumu zaidi: je, ukiambiwa kwa hakika kwamba hatabadilika kamwe, bado ungetaka kuwa rafiki yake? Kama jibu la hilo la mwisho ni hapana, kinachorudi si urafiki. Ni kusubiri kulikovaa nguo za urafiki.

Aristotle, katika kitabu cha nane cha Maadili ya Nikomako, anasema urafiki ni kutakiana mema kwa pande mbili, na kila upande ukijua. Kwa hiyo kama nia yako ya kukaa karibu ni ya siri, hata kama ni ya upole, upande mmoja wa urafiki haupo.

Tumrudie kijana wetu. Wiki ya sita anasikia mazoezini kwamba kuna mtu anayemtembelea binti nyumbani kwao. Usiku ule hakulala vizuri, na anatambua kwamba bado. Anaongeza mwezi. Baadaye anaweza kumsikia binti akicheka na wenzake bila kugeuza kichwa, na siku moja anapanda naye daladala. Hawarudii kuandikiana kila usiku. Wanaongea juu ya nyimbo, masomo, wazazi. Urafiki umekuwa mdogo kuliko ule wa zamani, lakini hauna swali lililojificha ndani yake.

Wapo ambao hawatafika hapo, na hilo nalo ni jibu halali. Mtu anaweza kubaki na salamu na heshima tu. Kumwambia rafiki, “Nimejaribu, nimeona siwezi kuwa karibu kama zamani,” ni uaminifu kuliko kukaa karibu kwa miaka mitatu ukimwonea wivu kila mgeni.

7. Dalili zinazohitaji msaada zaidi

Huzuni ya kawaida huja na kuondoka, na katikati yake mtu hula, hulala na hufanya kazi. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, hali ni ya giza tupu, usingizi na hamu ya kula vimeharibika, na mambo yaliyokufurahisha hayana ladha, nenda hospitali ukaonane na daktari. Wazo la kujidhuru halisubiri wiki mbili. Mwambie mtu siku hiyo hiyo, na usikae peke yako. Vivyo hivyo, ukijikuta unamfuata rafiki asikokualika, unachungulia simu yake au unawatisha wanaomkaribia, hiyo si huzuni tena. Unamdhuru, na unapaswa kukomeshwa kwa kumweleza mtu mzima unayemheshimu.

Hitimisho

Tumeona kwamba jibu lisilo ndiyo lichukuliwe kuwa hapana. Kwamba tumaini hulishwa na wema wa kawaida wa rafiki, na hivyo linahitaji umbali uliotangazwa kwa uwazi. Kwamba kidonda hiki kipelekwe kwa mtu mwingine. Na kwamba kurudi kuwe na vipimo. Kwa msomaji ambaye jambo hili limemtokea wiki hii, hatua ya leo ni moja: andika ule ujumbe mfupi wenye sehemu nne, usome mara mbili, futa kila neno linaloomba jibu, kisha utume mchana, si usiku.